Ratiba ya kusoma isiyomjua mwanafunzi

Karatasi ilikuwa imekatwa kutoka daftari la mazoezi, ikakunjwa mara nne. Msichana wa kidato cha nne alimkabidhi mwalimu mstaafu anayekaa karibu na ufuo wa Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, jioni moja katikati ya Julai, 2025. Ndani mlikuwa na maneno haya tu: "Mwalimu, shikamoo. Naomba unitengenezee ratiba ya kusoma nyumbani, ya kila siku. Nataka kupita mtihani. Asante."

Mwalimu huyo alifundisha Kemia na Hisabati kwa zaidi ya miaka thelathini. Usiku huohuo alichukua rula na kalamu, akachora jedwali safi. Msichana aamke saa kumi alfajiri na kusoma hadi saa kumi na mbili. Jioni akae kitako saa moja, asiinuke hadi saa tano usiku. Masomo yote manane yaligawiwa sawasawa, kila moja likapata karibu saa tano kwa wiki. Kwa jumla zilikuwa saa 42 za kusoma kila wiki, mbali na darasani.

Ratiba hiyo ilibandikwa ukutani kwa uji wa unga. Ilidumu siku tisa.

"Kosa halikuwa la mtoto," mwalimu aliniambia tulipoketi nje ya nyumba yake, upepo wa ziwa ukivuma kutoka upande wa matete. "Kosa lilikuwa langu. Aliniomba ratiba bila kuniambia anafanya masomo gani, mtihani wake unaanza lini, shuleni anatoka saa ngapi, wala ni wapi anapoanguka. Nami sikumwuliza. Nikamchorea ratiba mtu ambaye hayuko."

Huenda nawe, msomaji, umewahi kuombwa ratiba kama hiyo na mwanao au mdogo wako. Ombi la aina hii linapoacha mambo hayo manne, anayelijibu hujaza mapengo kwa kumfikiria mwanafunzi wa kawaida: anayelala bwenini, asiyekuwa na kazi za nyumbani, na ambaye masomo yote humlemea kwa kiasi kimoja. Mwanafunzi wa namna hiyo si rahisi kupatikana Dunga, wala Nyalenda, wala Kariobangi.

Jumapili ya tarehe 3 Agosti, shule zikiwa zimefunga, mwalimu alimwita msichana pamoja na mamake. Safari hii hakushika rula. Aliuliza.

Masomo ni yapi?

Msichana alitaja manane: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Kemia, Biolojia, Jiografia, Dini ya Kikristo na Biashara. Mwalimu akamwuliza anataka kufanya nini baada ya shule. Uuguzi, akajibu.

Majibu hayo mawili yalitosha kubadilisha jedwali lote. Tangu mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa masomo saba. Hisabati ni lazima iwemo. Lugha moja, ile aliyofanya vizuri zaidi, nayo lazima iwemo. Kisha huongezwa masomo mengine matano yaliyompa alama za juu. Kwa hiyo kwa mtu mwenye masomo manane, moja hubaki nje ya hesabu, lakini Hisabati haiwezi kubaki nje hata ikiwa ndiyo mbovu kuliko yote.

Tena vyuo vinavyofundisha uuguzi havitazami wastani pekee. Hutazama pia gredi ya Biolojia, ya Kiingereza au Kiswahili, na ya somo jingine la sayansi au Hisabati. Msichana angeweza kupata wastani mzuri kwa nguvu ya Dini na Biashara, kisha akafungiwa mlango kwa sababu ya Biolojia. Ratiba iliyogawa saa sawasawa haikujua jambo hilo.

Mtihani ni lini?

"Oktoba," msichana alijibu upesi. Kule shuleni kila mtu alikuwa akisema mtihani unaanza tarehe 21 Oktoba.

Mwalimu akamwomba alete ratiba ya Baraza la Mitihani, KNEC, ambayo hutolewa miezi kadhaa kabla ya mtihani na huonyesha kila karatasi, siku yake na saa yake. Walipoisoma pamoja waligundua kuwa siku za mwisho za Oktoba zilitengewa mitihani ya kuzungumza ya lugha za kigeni na ya vitendo ya masomo kama Muziki. Msichana hakuwa na hata moja kati ya hayo. Karatasi za kuandika zilianza Jumatatu tarehe 3 Novemba na kumalizika tarehe 21 mwezi huohuo.

Kutoka siku ile walipoketi hadi tarehe 3 Novemba zilikuwa wiki kumi na tatu kamili: tatu za likizo na kumi baada ya shule kufunguliwa. Hapo ndipo mwalimu alipomfanya aandike katika ukurasa mmoja kila karatasi atakayofanya na tarehe yake. Hisabati ina karatasi mbili. Kemia na Biolojia zina tatu kila moja, na ya tatu hufanyiwa maabara. Kiingereza na Kiswahili zina tatu tatu. Mtu anayesema "nasoma Kemia" bila kujua anasomea karatasi gani, hufika siku ya maabara akiwa amekariri daftari lakini mikono haijazoea bureti.

Unatoka shuleni saa ngapi?

Hapa ndipo mama aliposhika usukani wa mazungumzo. Msichana ni mwanafunzi wa kutwa. Hutoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni. Mama huuza omena. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku na taa, kwa maana samaki hao wadogo hufuata mwangaza. Mashua hurudi asubuhi, omena wakaanikwa juani, na jioni ni lazima waanuliwe na kufungwa kwenye magunia kabla umande haujaanguka. Kazi hiyo humpokea msichana akiwa bado na sare ya shule, naye huimaliza saa moja unusu. Ale, anawe, ndipo afungue kitabu saa mbili.

Mwalimu aliitazama ratiba yake ya Julai. Ilimtaka akae kitako saa moja.

"Na siku zote ni hivyo, Mama?"

"La, Mwalimu. Ni wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti omena sawasawa, mashua nyingi hulala ufuoni. Wakati wa mbalamwezi huyu mtoto hana kazi nyingi."

Kwa maneno hayo ikajulikana kuwa nyumba hii haina wiki ya aina moja. Ina nusu ya mwezi ya giza na nusu ya mwangaza, na ratiba moja ya ukutani haiwezi kufaa zote mbili. Wakatafuta kalenda. Mwezi ungekuwa mpevu karibu na tarehe 7 Septemba, kisha tarehe 7 Oktoba, kisha tarehe 5 Novemba. Giza kuu lingekuwa tarehe 21 Septemba na tarehe 21 Oktoba.

Mama alikaa kimya kidogo alipoiona tarehe hiyo ya mwisho. Giza la Oktoba lilikuwa linaangukia wiki mbili za mwisho kabla ya karatasi ya kwanza, wakati ambao mtoto angehitaji kila jioni yake. Wiki hizo ndizo humletea mama pesa za mwezi. Haikuwa rahisi, lakini alisema atamwomba dada yake aje kusaidia kuanua kuanzia tarehe 14 Oktoba, nao watagawana faida. Ratiba ya Julai isingeweza kuzaa makubaliano hayo, kwa sababu hakuna aliyejua kuna jambo la kukubaliana.

Basi wakahesabu muda uliopo kweli. Kipindi kimoja kiliwekwa kuwa dakika 45, na mapumziko ya dakika kumi kati ya kimoja na kingine. Jumatatu hadi Alhamisi, kutoka saa mbili hadi saa nne kasoro usiku, vipindi viwili. Ijumaa hakuna kitu, kwa kuwa mtoto aliyechoka kwa siku tano hudanganya kitabu. Jumamosi, wiki ya giza, vipindi viwili alasiri. Wiki ya mwangaza, sita. Jumapili, baada ya kanisa na chakula, viwili. Jumla: vipindi 12 katika wiki ya giza na 16 katika wiki ya mwangaza. Hizo ni saa tisa na saa kumi na mbili, wala si 42.

"Mama alidhani nimepunguza masomo," mwalimu alisema akicheka. "Nikamwambia sikupunguza chochote. Zile saa nyingine hazikuwapo tangu mwanzo."

Unaanguka wapi?

Swali la nne ndilo lililochukua muda mrefu zaidi. Msichana alijibu kama wanafunzi wengi: "Kemia na Hisabati zinanishinda." Mwalimu hakuridhika. Jina la somo si udhaifu. Aliomba karatasi za mtihani wa majaribio wa Julai zilizosahihishwa, wakazitandaza mezani.

Tuchukue karatasi ya kwanza ya Kemia. Ilikuwa na alama 80, naye alipata 26. Badala ya kuzitazama hizo 26, walizifuata 54 zilizopotea, swali kwa swali, na kuziandika katika safu tatu: nisilolijua, ninalolijua lakini nikakosea, na nisilolifikia. Alama 24 zilipotelea mahali pamoja, katika maswali yanayodai kuhesabu moli. Alama 12 zilikuwa za mada ya misombo ya kaboni, iliyofundishwa wiki mbili alizokuwa mgonjwa. Aliacha nafasi tupu. Zilizobaki 18 zilitawanyika: kipimo kilichosahauliwa hapa, alama ya kemikali iliyoandikwa vibaya pale.

Ni aina tatu za hasara, na kila moja ina dawa yake. Moli hurudi katika karatasi ya pili, na hurudi tena maabara mwanafunzi anapodondosha asidi kutoka kwenye bureti na kutakiwa kukokotoa nguvu yake. Anayeziba pengo hilo moja hupata faida katika karatasi zote tatu, hivyo hapo ndipo vipindi vya mwanzo viende. Mada asiyofundishwa haitibiwi kwa ratiba. Inataka mtu: mwalimu wake, au mwenzake aliyekuwapo darasani. Waliandika kando yake "tafuta mtu", na likizo ya Agosti ikatumika kumtafuta. Zile hasara ndogo ndogo hazihitaji kusoma zaidi, bali kuandika majibu kwa saa na kujisahihisha.

Katika Hisabati walipata jambo jingine. Karatasi ya kwanza hutoka zaidi katika kazi ya kidato cha kwanza na cha pili, ya pili katika kidato cha tatu na cha nne. Msichana alikuwa akihangaika usiku na mada za kidato cha nne huku akipoteza alama nyingi zaidi kwenye karatasi ya kwanza, katika sehemu na uwiano. Alianzishwa huko nyuma. Pia aliwahi kujibu maswali sita katika sehemu ya pili ya karatasi, ambapo hutakiwa kuchagua matano kati ya manane. Swali la sita lilimla dakika bila kumpa chochote.

Jedwali jipya

Kwa wiki ya giza, vipindi 12 viligawiwa hivi: Hisabati vinne, Kemia vitatu, Biolojia viwili, Kiingereza kimoja, na kimoja cha kupokezana kati ya Kiswahili, Jiografia, Dini na Biashara, masomo ambayo alikuwa akiyamudu kwa kazi ya darasani. Hivyo ni 11. Cha kumi na mbili kiliachwa tupu makusudi. Mwalimu anasema ratiba isiyo na nafasi tupu huvunjika siku ya kwanza ya msiba, ya homa au ya mvua inayolowesha omena, na ikivunjika mtoto huiacha yote.

Wiki ya mwangaza iliongeza vipindi vinne vya Jumamosi, lakini havikupewa mada mpya. Vinne hivyo ni dakika 180. Karatasi ya Hisabati huchukua saa mbili na nusu, yaani dakika 150. Kwa hiyo Jumamosi hizo aliketi na karatasi nzima ya miaka iliyopita, saa ikiwa mezani, kisha dakika 30 zilizosalia akajisahihisha.

Vipindi vinne vya Hisabati havikuwekwa siku moja, bali vilitawanywa Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Hii si desturi tu. Mwaka wa 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kuwa mtu husahau sehemu kubwa mapema sana baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa kupisha siku hushikilia jambo kuliko kurudia mfululizo. Kwa hiyo kila mada ilipewa tarehe tatu za kurudiwa. Moli alizozisoma Jumatatu zilijaribiwa Alhamisi kwa maswali mawili bila kufungua daftari, tena wiki iliyofuata, tena baada ya wiki tatu. Swali lililomshinda lilirudi mwanzo wa foleni.

Jedwali halikubandikwa kwa uji safari hii. Lilitundikwa kwa pini, maana mwalimu alijua litabadilika. Kila usiku msichana aliweka alama ya vema kwenye kipindi alichofanya na mkato kwenye alichokosa. Sheria ilikuwa moja: kipindi kilekile kikikosekana mara mbili katika wiki mbili, kosa ni la kipindi, kihamishwe. Kipindi cha pili cha Jumatano kilihama hivyo mnamo Septemba, kwa sababu siku hiyo shule ilikuwa na michezo na macho yalimfumba. Kilipelekwa Jumapili jioni, kikakaa.

Vema nyingi si ushahidi wa kutosha, hata hivyo. Mtoto anaweza kukaa dakika zote 45 akigeuza kurasa. Ushahidi ni kurudia karatasi. Mwishoni mwa Septemba alipewa karatasi nyingine ya kwanza ya Kemia asiyowahi kuiona. Alipata alama 43 kati ya 80. Katika maswali ya moli, alikopoteza alama 24 mwezi Julai, alipoteza 10. Mada ya kaboni ilikuwa imepanda kidogo tu, na kutoka hapo wakajua pa kupeleka vipindi vya Oktoba.

Tarehe 14 Oktoba mama mdogo alifika na mkoba wake, kama ilivyokubaliwa. Jioni hizo msichana alisikia magunia yakiburutwa nje, naye akabaki mezani.

Nilimwuliza mwalimu kama sasa anawatengenezea ratiba watoto wa majirani. Alisema hatengenezi hadi aletewe karatasi nyingine, akaingia ndani na kunitolea moja iliyofika baadaye. Iliandikwa na mdogo wa msichana huyo, wakati huo akiwa kidato cha tatu. Naye aliikunja mara nne, kama dadake, lakini ilijaa pande zote mbili:

"Mwalimu, shikamoo. Nafanya masomo manane, nimeyaorodhesha nyuma. KCSE yangu ni Novemba 2026 na mtihani wa muhula ni wiki sita kutoka sasa. Natoka shuleni saa kumi na moja, nafika nyumbani saa kumi na mbili. Wakati wa giza nasaidia omena hadi saa moja unusu. Fizikia nimepoteza alama 19 kwa mada ya umeme, na Hisabati nimepoteza kwa kutomaliza karatasi. Nimeambatisha karatasi zenyewe. Naomba tupange pamoja."